Biriani ya baridi, mishkaki haipo, na vocha ya shilingi elfu tatu

Niliwahi kuwasifu watu wa programu hii ya kuagizia chakula mbele ya jirani zangu wa Mombasa kwa Mchina, hapa Unguja. Leo nayaondoa maneno yale, ingawa pesa zangu nyingi nilizodai nimezipata.

Ilikuwa usiku wa Ijumaa, wageni wamekaa. Niliagiza kutoka mkahawa mmoja wa Darajani biriani ya mbuzi ya 12,000, mishkaki ya 10,000, urojo wa 5,000 na sharubati ya ukwaju ya 3,000. Jumla ya chakula ilikuwa 30,000, likatoka punguzo la asilimia kumi, ikaongezwa nauli ya kuletewa ya 3,000, nami nikalipa 30,000 kwa simu. Katika ramani ya programu nilimwona mpanda pikipiki anauchukua mzigo wangu, kisha anaelekea Mwanakwerekwe, anasimama huko, halafu ndiyo anarudi upande wetu. Alikuwa amepewa mizigo ya watu wawili kwa safari moja, na wa kwanza kufikishiwa sikuwa mimi.

Kijana mwenyewe simlaumu. Alinishikamoo kwa adabu, na nilipomwambia kuwa mfuko ni mwepesi alinijibu, "Bi mkubwa, nimepewa umefungwa hivi hivi, nami siruhusiwi kuufungua." Alisema kweli, kwani stika ya mkahawa ilikuwa haijaguswa. Mishkaki haikuwamo, na mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda meupe juu ya wali.

Aliyenichoma roho ni mhudumu wa huduma kwa wateja. Niliandika malalamiko yangu yote kwa pamoja, naye akajibu: "Mpendwa mteja, agizo lako limefika na limefungwa. Pokea vocha ya 3,000." Hakuuliza kilichokosekana wala hakuomba picha. Nilipomwandikia tena alirudia maneno yale yale, nukta kwa nukta, kama kasuku. Vocha yenyewe ilikuwa inakwisha muda wake baada ya siku chache, na haitumiki ila kwa kuagiza kwao tena! Yaani nilipwe fidia kwa kuwapa pesa nyingine.

Sikuipokea, na hilo ndilo ninalowashauri wenzangu, kwa sababu ukishaibonyeza vocha programu huhesabu kuwa mmeshapatana. Nilirudi kwenye historia ya maagizo, nikalifungua agizo lile lile, nikaweka madai mawili mbalimbali. Chakula kilichokosekana ni kosa la jikoni, na mkahawa ndio unaokatwa; chakula kilichopoa njiani ni kosa la aliyepanga safari, na hapo hukatwa wenye programu wenyewe. Ukiyachanganya, kila upande humsukumia mwenzake, nawe unabaki katikati na vocha yako.

Kwa mishkaki nilichagua kitu hicho kimoja tu katika orodha, sikugusa "agizo lote," maana urojo na sharubati vilifika salama na dai la uongo huharibu lile la kweli. Nilipeleka picha nilizopiga kabla ya mtu yeyote kula: mfuko na stika yake nzima, risiti iliyobandikwa juu yake, na vyombo vyote vimepangwa kwenye sinia ili pengo lionekane. Kuhusu biriani, ubaridi haupigwi picha kwa urahisi, lakini mafuta yaliyoganda yanaonekana. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuwa picha za skrini zinazoonyesha saa ya kuchukuliwa mzigo, saa ya kufikishwa, na ile pikipiki ikiwa Mwanakwerekwe. Hizo zipigwe mapema, kwa sababu ramani hufutika mara tu agizo linapofungwa.

Mwisho niliandika sentensi moja: nataka pesa zirudi kwenye simu niliyolipia, sitaki vocha.

Alijibu mtu mwingine, mstaarabu. Mishkaki ilirudi kwa 9,000 badala ya 10,000. Nilikaribia kupandwa na hasira upya, lakini hesabu ni sahihi, kwani punguzo lilikuwa limegawanywa juu ya kila chakula na mimi mwenyewe nilikuwa nimeilipia 9,000. Kwa biriani niliomba nusu ya nilicholipa, yaani 5,400. Walikataa, kwa hoja kuwa chakula kililiwa, wakanirejeshea nauli ya 3,000. Kwa hiyo nilipata 12,000 katika 14,400 nilizodai. Zile 2,400 zilizobaki si za kumpeleka mtu Tume ya Ushindani, ijapokuwa usiku ule nilikuwa tayari kwenda hata bila viatu.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Kwa ajili ya yule mhudumu wa pili nikaandika tatu, kisha nikalikumbuka lile jibu la "mpendwa mteja" nikapunguza zikawa mbili. Programu sijaifuta, lakini wageni wakija sasa namtuma mwanangu Darajani na hotipoti.