HDR ilivyonirudishia kuchelewa kwa pedi

Nina runinga ya inchi 43 ya 4K sebuleni kwangu Nkuhungu, Dodoma, na PS4 ya kawaida. Kwa filamu na taarifa ya habari sina malalamiko. Kwenye gemu ndiko ilikonitesa karibu mwezi mzima, hadi nikagundua kwamba kuchelewa kulikuwa kunazimwa na kuwashwa bila mimi kugusa rimoti.

Aliyeanza kulalamika ni mpwa wangu anayesoma UDOM. Alikuja Jumamosi moja, akacheza dakika kumi, akaniambia, "Mjomba, nikibonyeza pasi mpira unatoka nikiwa nimeshanyang'anywa." Nilidhani pedi imechoka. Tukabadilisha pedi, ikawa vilevile.

Kosa la kwanza lilikuwa kulainisha mwendo. Menyu ya LG inauita TruMotion, ya Sony inauita Motionflow, ya Samsung Picture Clarity. Kazi yake ni kutengeneza picha za katikati ili mwendo uonekane laini, na runinga haiwezi kutengeneza picha ya katikati kabla haijaipokea inayofuata. Kwa hiyo inazishikilia picha kadhaa kabla ya kukuonyesha. Kwenye filamu huoni hasara yoyote, maana sauti nayo inacheleweshwa ziende sawa. Kidole chako hakuna wa kukichelewesha.

Nikawasha Game Mode, ambayo inaruka kazi hizo zote. Menyu ya PS4 ikawa nyepesi kabisa. Nikafungua gemu, uzito uleule! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Nikaamua kupima. Simu yangu inarekodi mwendo wa pole kwa fremu 240 kwa sekunde, yaani kila fremu ni kama milisekunde 4.2. (Hakikisha simu yako inarekodi fremu 240 za kweli, kwa sababu zipo zinazojaziliza za kubuni.) Nikaiegemeza kwenye kopo, kidole gumba na kioo vyote vionekane. Ndani ya gemu nikasimamisha mchezo na kubonyeza kishale cha chini kwenye menyu yake, kwa sababu alama pale inahama papo hapo, tofauti na mchezaji anayeinua mguu kwanza. Kisha nikahesabu fremu tangu kitufe kinazama hadi alama inahama, mara tano kwa kila mpangilio.

Mpangilio wa kawaida ulinipa wastani wa fremu 45. Game Mode, huku HDR, ile picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ikiwa imezimwa kwenye PS4, ikanipa fremu 21. Tofauti ya fremu 24 ni milisekunde 100, na gemu ya picha 60 kwa sekunde inakuwa imeshapitisha picha sita. Hizo 21 zilizobaki si za runinga peke yake, zimo za pedi, PS4 na gemu yenyewe, kwa hiyo linganisha tofauti tu.

Nilipoirudisha HDR, fremu 45 tena. Nikabonyeza menyu ya picha gemu ikiwa inaendelea, nikaona Picture Mode imeandikwa Standard. Runinga yangu ina makabati mawili ya mipangilio, moja la picha ya kawaida na jingine la HDR. PS4 ikiwekwa Automatic inatuma HDR pale tu gemu yenye HDR inapofunguka, na wakati huo runinga inahamia kabati la pili, ambalo sikuwahi kuligusa. Ndiyo maana menyu ya nyumbani ilikuwa nyepesi. Nilichagua Game papo hapo, HDR ikiwa inawaka, nikapata fremu 22. HDR yenyewe haikuwa na hatia. Runinga ambazo Game Mode yake ni swichi ya pekee kwa kila tundu huenda zisikusumbue hivi, ila angalia menyu gemu ikiwa imefunguka, usiangalie kabla.

Kuna gharama zake. Gemu za picha 30 kwa sekunde sasa zinaonekana kukatakata kamera ikizunguka haraka, na rangi ya Game ilikuja na ubuluu hadi nilipoiweka Warm, jambo ambalo halikuongeza fremu hata moja. Mwanga wa runinga yangu pia ni mdogo kwa HDR. Mchana, jua la Dodoma likiingia dirishani, sehemu za giza hazisomeki, hivyo mpira nauchezea HDR ikiwa Off, kwenye Settings, Sound and Screen, Video Output Settings. Usiku naiwasha kwa gemu za hadithi.

Juzi uzito ulirudi tena. Mpwa wangu alikuwa amefuta vumbi nyuma ya runinga, akachomeka waya HDMI 2 badala ya HDMI 1, na kwenye runinga hii kila tundu lina mipangilio yake. Nilirudisha waya mahali pake, tukaendelea na kipindi cha pili.