Uzoefu Wangu na Sindano za H-S: Gauni Sita za Laikra na Shifoni

Kwa miaka mingi nilishona kila kitambaa kwa sindano moja ya kawaida, namba 90/14, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika vibanda vya vifaa vya ushonaji hapa Kisumu. Nilipopokea kazi ya gauni sita za wasimamizi wa bibi harusi, zenye mwili wa laikra na mikono ya shifoni, nililazimika kununua pakiti ya sindano za kitambaa kinachovutika, iliyoandikwa 130/705 H-S, ukubwa wa 75/11.

Gauni la kwanza nilikuwa nimelianza kwa sindano yangu ya zamani. Mshono wa ubavuni ulikuwa ukiruka: mishono minne inakaa vizuri, kisha uzi unapita juu kama daraja. Nilikaza uzi, nikaulegeza, nikasafisha bobini, na hali ikabaki ileile. Kosa halikuwa la uzi. Laikra huing'ang'ania sindano na kupanda nayo inapotoka, hivyo uzi haufanyi kitanzi nyuma ya tundu la sindano, na ndoano ya chini hupita bila kudaka chochote. Sindano ya H-S ina mbonyeo mkubwa zaidi nyuma ya tundu, unaoiruhusu ndoano kupita karibu zaidi, na ncha yake imeviringwa kidogo ili isukume nyuzi za kitambaa kando badala ya kuzikata. Nilipoibadilisha, mishono ikaacha kuruka bila mimi kugusa kitu kingine.

Hata hivyo, sindano pekee haikutosha. Mshono mnyofu nilioupima kwa kuuvuta kwa mikono miwili ulikatika, kwa sababu kitambaa kilinyooka na uzi haukuweza kukifuata. Niliweka zigizaga nyembamba, upana wa milimita 0.5 na urefu wa 2.5, nao ukavutika pamoja na kitambaa. Nilijaribu pia urefu wa 1.5 nikidhani mishono ya karibu ingekuwa imara zaidi, lakini mshono ulitoka na mawimbi kama ukingo wa mandazi yaliyokandwa vibaya, maana kitambaa kilikuwa kimevutwa mara nyingi mno chini ya mguu wa cherehani. Ukitaka kujua kama sindano yako inakidhuru kitambaa, uvute mshono uliomalizika mbele ya dirisha: matundu madogo kandokando ya uzi yanaonyesha kwamba nyuzi zimekatwa, na baada ya kufuliwa matundu hayo hukua.

Kwenye mikono ya shifoni, sindano hiyohiyo haikunipendeza. Ncha ya mviringo haikuingia kwa unyofu katika kitambaa chepesi kilichofumwa, na mstari ukapinda. Niliweka sindano yenye ncha kali, H-M, ukubwa wa 60/8, kwa uzi mwembamba na urefu wa milimita 1.8. Mwanzo wa mshono kitambaa kilitaka kumezwa na tundu la bamba lililo chini ya sindano, basi nikatanguliza karatasi nyembamba chini yake, nikaichana baada ya kushona. Mahali mkono unapoungana na bega, ambapo shifoni hukutana na laikra, nilirudi kwa H-S, kwa kuwa kitambaa kinachovutika ndicho kinachodhurika haraka zaidi.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja aliniletea suruali ya jinzi ya kupunguzwa urefu. Hapo 75/11 haina nafasi kabisa, kwani ikikutana na pindo la ubavuni, lenye tabaka nyingi, hupinda, hugonga bamba na kuvunjika. Nilitumia sindano ya jinzi, H-J, namba 100/16 kwa urefu wa milimita 3, na penye nundu nikazungusha gurudumu kwa mkono.

Sindano hizi zinaingia pia katika cherehani nyingi nyeusi za miguu zinazotumiwa na majirani zangu, lakini nyingi kati ya hizo hazina zigizaga, hivyo fundi atalazimika kukivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma anaposhona. Haziingii katika mashine za kiwandani zinazotumia sindano za shina la duara.

Lalamiko langu moja linahusu ununuzi. Kibanda kimoja kiliniuzia sindano za kubahatisha kutoka kwenye kopo, bila pakiti, nami nikajua tu baada ya mishono kuanza kuruka tena kwamba zilikuwa za kawaida. Namba ya ukubwa huchongwa kwenye shina na inasomeka kwa kamera ya simu, ila aina ya ncha haionekani kwa urahisi, kwa hiyo sasa nanunua pakiti iliyofungwa tu. Sindano iliyokwisha kutumika naichomeka katika kipande cha kitambaa ilichokishona: moja iko kwenye laikra, moja kwenye shifoni, na ile ya 100/16 kwenye kipande cha jinzi ya yule kijana.