Chumba cha kugandishia samaki, Moshi: uzoefu wangu na fundi wa pili

Nina duka la samaki na nyama hapa Moshi, na samaki wangu wengi hutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Chumba ni mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, paneli za milimita 100, na kinatakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile alichonifungia fundi wa kwanza hakikuwahi kuvuka 9 chini ya sifuri. Kompresa haikupumzika usiku wala mchana, na nikimulika evapareta, kile kifaa cha ndani kinachopooza hewa, kwa tochi naona barafu nyeupe imeziba mapezi yake yote, yaani vile vibati vyembamba ambavyo upepo hupita kati yake, feni inavuma lakini upepo hautoki. Nilitupa samaki, na iliniuma sana.

Fundi wa pili hakugusa spana kwanza, alikaa na daftari. Alihesabu joto la siku nzima kwa uniti, kama tunavyohesabu Luku: linalopenya ukutani, darini na sakafuni 16, kilo 250 za samaki wa kugandisha kila siku 22, mlango unaofunguliwa mara kwa mara 10, feni, taa na watu 5, na joto linalobaki chumbani kila hita za evapareta zinapoyeyusha barafu 4. Jumla 57, akaongeza asilimia kumi ya tahadhari, ikawa karibu 63.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la mwanzo. Ukigawa 63 kwa saa 24 unapata kilowati 2.6, na ndicho nilichokuwa nimefungiwa. Lakini evapareta ya chumba cha kugandisha haipoozi saa 24. Yangu huyeyusha barafu mara 4 kwa siku, takribani nusu saa kila mara, kisha maji yachuruzike, kisha irudishe baridi iliyopotea, na bado kompresa inahitaji kupumzika. Yeye aligawa kwa 18, ikatoka 3.5.

Evapareta aliyoichagua ina nafasi ya milimita 7 kati ya pezi na pezi. Ile ya zamani ilikuwa na 4, inayofaa chumba cha mboga, ambako barafu ni kidogo. Pia hita hazizimwi na saa peke yake. Kuna kihisi kwenye koili, yaani mabomba ya evapareta, kinachozikata koili ikifika nyuzi kama 10 juu ya sifuri, kwa hiyo haziendelei kupasha chumba bure. Feni nazo husubiri dakika chache hadi koili ipoe, zisije zikapuliza unyevu wa moto juu ya samaki.

Alichelewa siku mbili na bei yake ni kubwa, hilo niliseme. Bomba la kutolea maji pia lilisahauliwa hita yake, likaganda wiki ya kwanza, akarudi kuiweka bila malipo. Sasa kipimajoto kinasoma 18 chini ya sifuri asubuhi, na kompresa naisikia ikinyamaza.