Nimesimamisha abonema, akaunti bado inasema "Actif": uzoefu wangu

Huduma hii ya kutengenezea maafishi na kadi za mwaliko naitumia kwenye atelie yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kwa kazi yenyewe sina neno baya. Herufi ni nzuri, picha zinatoka safi hata zikichapishwa kubwa, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua unaweza kumaliza kadi ya mteja. Ninawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya ukurasa wao wa abonema.

Abonema ni dola 12 kwa mwezi, zinakatwa kila tarehe 18 kwenye karti ya Visa ya mtandaoni, ile ninayoijaza kwa pesa ya simu. Tarehe 29 Mei nilibonyeza "Annuler l'abonnement", nikathibitisha, imeili ikaingia. Kurudi kwenye ukurasa, neno "Actif" lilikuwa palepale, kwa rangi ya kijani. Yaya wangu, anayeshika daftari la pesa, akaliona.

"Mdogo wangu, hawa hawajakuachia. Toa dola zote kwenye karti."

Nilimwomba asubiri, nikamwonyesha mstari mdogo wa kijivu chini ya lile neno. Kabla sijasimamisha, mstari huo ulisema "Prochain paiement : 18 juin". Sasa ulisema "Prend fin le 18 juin". Tarehe ni ileile, ila mwanzoni ilikuwa siku ya kukatwa pesa, na sasa ni siku ya kufungiwa. Hapo ndipo pa kutazama. Neno "Actif" linakuambia tu kwamba leo bado una haki ya kutumia, na haki hiyo nilishailipia tangu tarehe 18 Mei. Nilichosimamisha ni malipo yanayofuata. Wangenifungia siku ileile, wangepaswa kunirudishia pesa ya siku zilizobaki, na kwenye masharti yao hakuna marejesho. Kwa hiyo wananiachia muda niumalize.

Jirani yangu anayetengeneza saiti za mtandao alinieleza jinsi mitambo ya malipo inavyoshika jambo hili. Kwenye Stripe, ambayo kampuni nyingi za nje zinaitumia, hali ya abonema na uamuzi wako wa kuondoka vinaandikwa sehemu mbili:

```
status: active
cancel_at_period_end: true
```

Mstari wa kwanza haubadiliki mpaka muda uishe, ndipo unageuka `canceled`. Wa pili unageuka papo hapo unaposimamisha. Saiti nyingi zinachukua mstari wa kwanza peke yake na kuubandika juu kwa herufi kubwa.

Ushauri wa yaya wa kumaliza pesa kwenye karti wengi wetu tunaufuata, lakini haufanyi kazi ya kusimamisha. Karti ikiwa tupu na abonema haijasimamishwa, kwao hayo ni malipo yaliyoshindikana, si kuondoka. Mtambo unaweza kurudi kujaribu tena baada ya siku kadhaa, na ukijaza karti ili kulipia kitu kingine, wanajichukulia. Ukiwa umesimamisha vizuri, hakuna faktura mpya inayotengenezwa, hata kama karti imejaa. Mimi dola zangu niliziacha humo.

Jambo lingine ni saa. Tarehe 18 Juni asubuhi bado ilikuwa "Actif", na yaya alikaribia kunipigia kelele. Lakini abonema nyingi haziishi usiku wa manane, zinaisha saa ileile uliyolipa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimelipa usiku. Usiku huo, tulipofungua ukurasa tena, tukakuta "Gratuit", na salio la karti halikuguswa.

Angalieni pia kitufe cha "Réactiver" kinachojitokeza baada ya kusimamisha. Wamekipa rangi ya kuvutia, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani ni cha kuthibitisha. Ukikibonyeza, ule mstari wa kijivu unarudi "Prochain paiement". Na kama abonema uliinunua ndani ya Google Play, isimamishe kulekule Google Play. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi kitu.

Mafaili yangu niliyapakua kabla ya tarehe 18, maana kwenye akaunti ya bure kuna maumbo yanayofungwa usiweze kuyachapisha bila alama yao. Niliwaandikia waweke tarehe ya mwisho juu, kando ya "Actif". Wamejibu kwa adabu, ukurasa bado uko vilevile.