Simu gani ya kuwasha hotspoti ofisini: nimezipanga kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Wacha niseme mapema huu si mwongozo wa mtu mwenye fiba, ni wa nyie kama sisi, ofisi ya watu watatu pale Langoni, Lamu, laptopu tatu, printa moja ya waifai na simu mbili za wateja wanaokuja kulipia safari za jahazi, na intaneti yote inatoka kwa simu moja yenye laini ya 4G inayokaa on kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Tumeshaua simu moja hivyo. Ya pili iko na mwaka na nusu sasa na haijalalamika, na tofauti ya hizo mbili ndiyo nataka niwaelezee kabla sijapanga ipi ununue, kwa sababu ukikimbilia orodha bila hilo utanunua simu nzuri na utaichoma vilevile.

Ile ya kwanza tuliiweka kwenye kidaka. Mnajua nyumba zetu za Lamu, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko, na vidaka vimechongwa ndani yake, basi dada wa hesabu akaona hapo ndipo pazuri, simu haitaanguka, waya wa chaji unafika, inapendeza hata. Chaji haikutolewa kamwe. Kufika mwezi wa tatu, kaskazi inaishia na upepo umekufa, nikaiokota siku moja nikaona haikai sawa juu ya meza, inazunguka kama pia. Kumbe betri imefura mpaka imesukuma kava la nyuma. Tukaizima pale pale, tukaitoa nje mbali na makaratasi, na yakhe ukiona hivyo usijaribu kuibonyeza irudi wala kuitoboa, hiyo inaweza kuwaka moto.

Nilidhani ni betri feki. Baadaye ndo nikafahamu kilichotokea. Simu ya 4G ikiwa mbali na mnara au nyuma ya ukuta mnene haikai kimya, inapaza sauti, yaani inaongeza nguvu ya kurusha mpaka ifike mwisho wake ambao kwa simu za kawaida ni kama miliwati 200, na umeme unaoliwa na kile kipande kinachorusha mawimbi ni mwingi kuliko huo unaotoka, kinachobaki chote ni joto. Ongeza redio ya waifai inayohudumia vifaa 6 kwa wakati mmoja. Ongeza chaji, maana kuchaji nako kunatoa joto. Halafu betri yenyewe imeshikiliwa 100% siku nzima, na betri za lithiamu hakuna kitu zinachukia kama kujaa pomoni huku zimepata joto. Na yote hayo ndani ya shimo la ukuta lisilopita hewa!

Simu ya pili nikaipima kabla ya kuiamini. Betri ya 5000 mAh, bila chaji, skrini imezimwa, kazi ya ofisi ya kawaida. Siku ya kwanza kwenye kidaka: saa mbili ilikuwa 100%, saa sita mchana 40%. Siku ya pili nikaiweka dirishani ghorofa ya juu upande wa bahari, kivulini, imesimamishwa kwa kibao ili hewa ipite nyuma: saa sita ilikuwa 70%. Betri ya saizi hiyo inabeba kama wati-saa 19, kwa hivyo kidakani ilikuwa inakula karibu wati 3 na dirishani karibu wati 1.5. Simu ile ile, laini ile ile. Nusu ya moto wote ulikuwa ni ukuta.

Namba ya kuangalia ni RSRP, ndiyo inakwambia mnara unasikika vipi, achana na vile vijiti vya juu ya skrini. Kwa Android nyingi piga hii kama unapiga simu:

```
*#*#4636#*#*
```

Kwa Samsung hiyo mara nyingi haifunguki, tumia `*#0011#`, na iPhone ni `*3001#12345#*` halafu bonyeza kupiga. Ikisoma kama -85 uko raha, -100 inavumilika, ikishuka -115 basi hiyo simu inapiga kelele na itapata moto hata ungeinunua laki. Kidakani sisi tulikuwa -114. Dirishani -93.

Haya, sasa kununua. Upande wa modemu, kile kipande cha simu kinachoongea na mnara, watu wanauliza 5G tu, mimi nasema uliza vitu viwili kwanza. Kimoja ni bendi: huku 4G inatembea sana kwenye megahezi 800, ambayo ni bendi 20, na 1800, ambayo ni bendi 3. Ile ya 800 ndiyo inayopenya kuta na kufika mbali, na kuna simu za mtumba kutoka Marekani zilizotengenezewa kampuni za kule ambazo bendi 20 hazina, utaishika simu nzuri mkononi halafu ndani ya nyumba inashuka 3G. Angalia namba kamili ya modeli, si jina la simu tu, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na modeli tatu zenye bendi tofauti. Cha pili ni kama modemu inaweza kuunganisha bendi mbili kwa pamoja. Modemu ya daraja la 4, yaani LTE Cat 4, haiunganishi, mwisho wake ni megabiti 150 kwenye karatasi na jioni mnara ukijaa utapata sehemu ndogo sana ya hiyo. Inayounganisha inashika 800 na 1800 zote, moja ikijaa nyingine inasaidia. Hapo ndipo mtu mmoja anaweza kuwa kwenye mkutano wa video na mwingine anapandisha picha bila kugombana.

Namba moja kwangu ni Samsung za A za katikati, kama A34 au A54, mpya au iliyotumika vizuri. Si kwa sababu ya spidi. Ni kwa sababu ziko na 5000 mAh, waifai ya `5 GHz`, na kwenye seti ya betri kuna ile `Battery protection` (kwa zile za zamani imeandikwa `Protect battery`) inayokata chaji ikifika 80 au 85 na hapo simu inaishi kwa umeme wa chaja huku betri imepumzika. Inafanya kazi muda wote, haiulizi unafanya nini. Stima ikipotea, na huku mnajua inavyopotea, betri inachukua kazi pale pale na wateja hawajui kitu. Ruta haiwezi hilo bila kununuliwa betri yake.

Namba mbili ni Infinix Note 30 na ndugu zake wenye ile ya kupitisha chaji pembeni ya betri, wao wanaiita `Bypass Charging`. Kwa nadharia hii ni bora kuliko ya Samsung, umeme hauingii kwenye betri kabisa. Lakini kwa baadhi ya simu hiyo kitu imewekewa watu wa gemu na inawaka ukiwa ndani ya gemu tu, kwa hivyo mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, hotspoti iko on, chaja imechomekwa, ukae dakika 20 na uangalie. Asilimia isipande wala isishuke, na mgongo wa simu uwe vuguvugu tu. Ikipanda, bado inachaji, na muuzaji anakupiga maneno. Ikipita huo mtihani, na bei yake ni nafuu kuliko ile ya juu, mimi ningeichukua bila kusitasita.

Tatu, simu kubwa za mtumba, zile eks-UK. Modemu zake ni tamu, zinaunganisha bendi mpaka tatu nne, zinashika netiweki mahali ambapo ya bei rahisi imekata tamaa. Shida ni betri, imeshatumika miaka mitatu na wewe unaipa kazi ya punda. iPhone naziweka humu humu: kikomo cha 80% unakipata kuanzia iPhone 15, za nyuma yake hazina, na kuanzia iPhone 12 hotspoti inaenda `5 GHz` yenyewe, kwa hivyo printa ya zamani haitaiona mpaka uwashe `Maximize Compatibility`. Ukinunua ya kundi hili weka pesa ya betri mpya kando siku hiyo hiyo.

Za chini ya elfu 12 ni za mwisho. Nyingi waifai yake ni ile ya 2.4 GHz peke yake, vifaa vikifika vinne kila mtu analalamika, na kikomo cha chaji haziko nacho. Ila nikiwa mkweli, kama uko peke yako na laptopu moja, hata hiyo inatosha ukitumia waya wa USB badala ya waifai. Waifai inazimwa, na laptopu inailisha simu polepole tu, bandari ya USB 2.0 ya kawaida inatoa kama wati 2.5, kwa hivyo simu haipati moto wa chaja ya kasi. Hii namwambia kila mtu na hakuna anayenisikiliza.

Na hiyo `5 GHz` nayo isikupumbaze, ukuta wa matumbawe inauogopa kuliko 2.4. Sisi tuko chumba kimoja, inatufaa. Mwenzangu mwenye ofisi pande mbili za kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, amerudi 2.4 na anaridhika. Mkipita watu watano, acheni simu, nunueni ruta ya 4G.

Joto la betri siku hizi naliona kwa programu ndogo. Ikiwa 36 au 38 sina wasiwasi, ikipita 40 natafuta sababu, na ikikaribia 45 simu nyingi zinapunguza chaji zenyewe au zinakataa kabisa. Ijumaa moja ilifika 44 nikapanda juu mbio nikidhani jua limeingia dirishani. Kivuli kilikuwepo. Paka wa mtaa alikuwa amelala juu ya simu, amejikunja, maana ndiyo sehemu pekee ya dirisha yenye vuguvugu, na sasa tumeiwekea kikapu cha waya juu yake.