Uzoefu wangu na mota ya hatua ya NEMA 17: inashika sawasawa, ila usidanganyike na hatua ndogondogo

Nina miezi kadhaa naitumia mota hii ya hatua, au stepa kama wengi tunavyoiita, kusogeza meza ndogo ya kutobolea. Ina hatua 200 kwa mzunguko, na skrubu niliyoifungia husogeza meza milimita 8 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua nzima ni milimita 0.04. Hakuna kihisi cha kuniambia meza iko wapi. Nahesabu mapigo ya umeme niliyotuma kuiamuru mota isogee, basi.

Kilichonivutia ni draiva yake, saketi inayozipa koili za mota mkondo, ambayo hugawa hatua moja mara 16. Kwa hesabu, kila pigo ni milimita 0.0025. Nikaweka geji ya mshale, nikatuma pigo moja: kimya. La pili na la tatu, kimya. La nne ndipo mshale ukasogea. Mota si mbovu. Nguvu ya kushikilia iliyoandikwa kwenye lebo, nyutoni-mita 0.4, hupatikana rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, ikiwa imesukumwa hatua nzima kutoka mahali pake. Ikiachwa nyuma sehemu moja tu ya 16, inavuta kwa takribani nyutoni-mita 0.04, na msuguano wa nati yangu kwenye skrubu ni mkubwa kuliko huo. Hatua ndogondogo zimenipunguzia kelele na mtikisiko kweli. Usahihi ni habari nyingine.

Lakini nilichokuja kuipendea ni kwamba kosa hilo halikui. Nikituma mapigo elfu kumi, linabaki lilelile dogo, kwa sababu kila mara rota inarudi kwenye kituo kilichopangwa na meno yake na mkondo wa koili. Ukiisukuma chini ya hatua 2 nzima kisha ukaiachia, inarudi. Ikizidi hapo, inavutwa na kituo kinachofuata, hatua 4 mbali, na draiva haina habari.

Nililiona hilo nilipoiamuru ianze kwa kasi kubwa ghafla. Meza iliporudi, geji ilionyesha imepotea milimita 0.32, yaani hatua 8, miteleko miwili kamili. Tangu hapo kosa likiwa 0.16 au mafungu yake, najua mota imeteleza. Likiwa namba nyingine, nakagua skrubu zilizolegea. Dawa ilikuwa kuongeza kasi polepole. Koili huhitaji muda kujaa mkondo, hivyo kadiri mota inavyokimbia ndivyo nguvu inavyopungua, na ile 0.4 ya lebo ni ya mota iliyosimama.

Malalamiko yangu ni joto: hata ikiwa imesimama inakula mkondo. Draiva inaweza kuupunguza nusu mota ikitulia, ila na nguvu ya kushikilia hushuka karibu nusu, kwa hiyo sikuuwasha mpangilio huo kwenye mhimili wa wima. Na umeme ukikatika, hesabu imekwenda. Ongeza swichi ya mwanzo upate pa kuanzia upya.