Kahn au upekuzi wa kina katika kupanga kozi

Tuseme tunapanga kozi ili kila moja ije baada ya zile inazozihitaji: Hesabu 1 hutangulia Hesabu 2, Programu 1 hutangulia Miundo ya Data, na Algoriti huhitaji Hesabu 2 pamoja na Miundo ya Data. Njia ya Arthur Kahn ya mwaka 1962 huhesabu masharti ya kila kozi, huchukua zote zenye sifuri, kisha hupunguza hesabu za zinazozifuata. Ikiendeshwa kwa raundi, hutoa Hesabu 1 na Programu 1, halafu Hesabu 2 na Miundo ya Data, mwishowe Algoriti: kila raundi ikiwa muhula, yaani mihula isiyopungua 3.

Upekuzi wa kina hufuata njia moja hadi mwisho kabla ya kurudi kujaribu nyingine; ukianzia Hesabu 1 humaliza Algoriti kwanza, nao ukigeuza mpangilio wa kumalizika hutoa Programu 1, Miundo ya Data, Hesabu 1, Hesabu 2, Algoriti. Mpangilio huo ni sahihi, lakini hauonyeshi mihula, na kwa ratiba ninampendelea Kahn.

Masharti yakizunguka, hata hivyo, Kahn huacha kozi za mzunguko pamoja na zote zinazozitegemea, ilhali upekuzi wa kina, ukikutana na kozi iliyoanzwa lakini bado haijamalizwa, huonyesha mzunguko wenyewe, jambo linalomsaidia sana mrekebishaji.